Kabla Fundi Hajavuta Kamba: Kukagua Ramani ya Nyumba ya Familia

Nyumba za zamani za Majengo, mjini Moshi, zilijengwa kwa ramani ambayo mafundi waliijua kwa moyo. Mbele kuna baraza. Ukivuka mlango mkuu unaingia kwenye korido iliyonyooka, vyumba viko kulia na kushoto, na mwisho wa korido kuna mlango wa pili unaotoka uani kwenye jiko, stoo, choo na bafu. Milango yote miwili ikiwa wazi, upepo unapita nyumba nzima. Chumba kina dirisha moja tu na korido ina giza, hilo halina ubishi, lakini mtu anajua aingie wapi, atokee wapi, na moshi wa kuni haumfuati kitandani.

Siku hizi mwenye kiwanja huja na mchoro alioupata kwenye simu au aliochorewa na jamaa kwenye karatasi ya daftari: sebule, mahali pa kulia, jiko la ndani, vyumba vitatu, kimoja kikiwa masta chenye choo chake. Mchoro huo unapendeza, na tatizo lake halionekani mpaka kuta zifike kwenye lenta. Tuchukue mmoja wa aina hiyo na tuukague hatua kwa hatua. Kiwanja kiko Majengo na barabara iko magharibi. Jirani wa kusini amejenga mita 2 tu kutoka mahali ukuta utakaposimama, na uani uko mashariki. Nyumba ina mita 9.2 kwa 12, upande mfupi ukitazama barabara.

Mchoro umegawanywa mikanda miwili. Mkanda wa kusini una upana wa mita 4: mbele sebule, katikati mahali pa kulia, nyuma jiko lenye mlango wa kutokea uani. Mkanda wa kaskazini nao una mita 4: mbele masta, kisha vyoo viwili vilivyopangwa kimoja nyuma ya kingine, kisha vyumba viwili vya watoto. Kati ya mikanda kuna korido ya mita 1.2, ambayo upande wa mbele imemezwa na sebule, hivyo sebule inapata mita 5.2 kwa 5. Familia ni baba, mama, mabinti wawili, mvulana mmoja, na bibi anayetarajiwa kushuka kutoka Kibosho kuja kuishi nao karibu na hospitali.

Kabla ya kujadili chochote, sahihisha vipimo. Mafundi wengi huandika vipimo vya katikati ya ukuta hadi katikati ya ukuta. Tofali la inchi 6 ni sentimita 15, na plasta ya pande mbili huongeza kama sentimita 3. Chumba cha mita 3 kwenye karatasi kwa hiyo ni mita 2.82 ukiwa ndani yake. Kitanda cha tano kwa sita, pamoja na fremu yake, kinakaribia urefu wa mita 2. Kabati la nguo lina kina cha sentimita 60. Likiwekwa kabati mkabala na miguu ya kitanda, zinabaki sentimita 22 za kupita, na hapo mlango wa kabati haufunguki kabisa. Kata vipande vya karatasi kwa vipimo vya kitanda, kabati, kochi, jokofu na meza kwa kipimo kilekile cha mchoro, uvipange juu yake. Kazi hiyo ni ya jioni moja, na ndiyo inayoonyesha kama mlango umewekwa kwenye kona sahihi.

Korido nayo ipimwe hivyohivyo. Mita 1.2 za karatasi ni mita 1.02 za kweli. Mtu mmoja anapita vizuri, lakini kuingiza kabati zima au godoro la sita kwa sita kwenye chumba chenye mlango wa sentimita 80 kutahitaji ugomvi. Afadhali nyumba iongezwe sentimita 20 kwa upana, korido iwe mita 1.4, kuliko kuja kukata kabati vipande.

Sasa chukua kalamu ya risasi, ufuate mwendo wa kila mtu kuanzia alfajiri hadi usiku. Mama anaamka saa kumi na moja kwenda jikoni: anatoka masta, na mlango wa masta unafunguka moja kwa moja sebuleni. Mgeni aliyelala kwenye kochi anaamshwa. Jioni, mgeni aliyekaa sebuleni anaona kitanda cha wenye nyumba kila mlango unapofunguliwa. Mtoto anayetaka kwenda kuanika nguo uani lazima apite mahali pa kulia, kisha jikoni, mbele ya sufuria inayochemka, kwa sababu hakuna njia nyingine ya kutoka nyuma. Anayetoka chooni anatokea uso kwa uso na meza ya chakula. Mistari ya kalamu ikijikusanya mahali pamoja, hasa mbele ya jiko la moto au katikati ya makochi, hapo pana kasoro ya mzunguko.

Mwisho wa korido, upande wa mashariki, mchoro unaonyesha ukuta mtupu. Hili ndilo kosa kubwa kuliko yote ya mchoro huu, na marekebisho yake ni rahisi kuliko yote: uwekwe mlango. Nyumba za zamani za Majengo zililijua hili. Mlango wa nyuma mwishoni mwa korido unampa mtoto njia ya uani isiyopita jikoni, unawapa wote njia ya pili ya kukimbilia moto ukitokea, unaingiza mwanga wa asubuhi kwenye korido iliyokuwa gizani, na unaipa hewa mahali pa kutokea. Wanaoogopa wezi waweke mlango wa grili ya chuma wenye wavu wa mbu nje, na mlango wa mbao ndani. Mchana wa mbao unafunguliwa, wa grili unabaki umefungwa.

Kuhusu jua, mkazi wa Moshi ana bahati: asubuhi isiyo na mawingu hahitaji dira. Kibo iko karibu kaskazini kamili mwa mji. Simama kwenye kiwanja, tazama mlima, kisha uchore mshale kwenye karatasi. Ramani nyingi za kwenye simu hazina mshale huo, na hata zikiwa nao, zilichorwa kwa kiwanja cha mtu mwingine.

Moshi iko nyuzi kama 3 na theluthi kusini mwa Ikweta. Adhuhuri mwezi Juni jua liko upande wa kaskazini, kimo cha nyuzi 63 kutoka upeo wa macho. Desemba liko kusini, nyuzi 70. Mara zote mbili liko juu sana, kwa hiyo upenu wa bati unaotokeza sentimita 60 unatia kivuli karibu mita 1.2 za ukuta wa kaskazini mwezi Juni, na zaidi ya mita moja na nusu za ukuta wa kusini mwezi Desemba. Madirisha ya pande hizo mbili yanalindwa na upenu wa kawaida. Magharibi ni habari nyingine. Mwezi Machi, saa kumi na nusu jioni, jua limeinama hadi nyuzi kama 30, na upenu uleule wa sentimita 60 unakinga sentimita 35 tu. Dirisha lote linapigwa jua, na ukuta unabeba joto hilo hadi saa za kulala. Katika mchoro wetu, ni chumba gani kimewekwa kwenye kona ya kaskazini-magharibi, kando ya barabara, chenye dirisha kubwa la magharibi? Masta.

Hapo suluhisho halihitaji tofali hata moja, linahitaji kifutio. Futa majina ya mkanda wa kaskazini, upange upya kutoka magharibi kwenda mashariki: chumba cha mita 3, chumba kingine cha mita 3, vyoo viwili kwa pamoja mita 2.6, kisha masta ya mita 3.4 mwishoni. Jumla ni mita 12 zilezile. Masta sasa iko nyuma, mbali na vumbi na pikipiki, inapata jua la asubuhi na inapoa jioni. Chumba cha mbele, ambacho mlango wake unafunguka sebuleni, ni kibaya kwa wenye nyumba lakini kinamfaa mgeni au mvulana anayechelewa kurudi. Dirisha lake lihamishiwe ukuta wa kaskazini, na magharibi pabaki kidirisha kidogo chini ya paa la baraza lenye kina cha mita 2.

Vyoo vilikuwa na kasoro yao. Vilipangwa kimoja kikiwa nje na kingine ndani kando ya korido, hivyo kile cha familia nzima hakikuwa na ukuta wa nje. Choo kisicho na dirisha hunuka, dari yake huota ukungu, na feni ya kutolea hewa husimama umeme ukikatika. Mkanda wa mita 2.6 ukigawanywa kwa urefu, kila choo kinapata upana wa ndani wa kama mita 1.1 na urefu wa mita 3.8: sinki mlangoni, choo katikati, bafu mwisho chini ya dirisha la kaskazini. Ni vyembamba, lakini kila kimoja kina hewa na mwanga wake. Vilevile sasa vimesogea karibu na jiko, kwa hiyo mabomba ni mafupi na chemba zinakaa upande wa uani, si chini ya dirisha la sebule.

Kanuni ya zamani ya wajenzi husema eneo la dirisha lisipungue sehemu moja ya kumi ya sakafu, na nusu ya hilo liwe linafunguka. Chumba cha mita 3 kwa 4 kina sakafu ya ndani ya mita za mraba karibu 10.8, dirisha la mita 1.2 kwa 1.2 linatosha. Sebule ni kubwa mno kwa dirisha lake. Ina karibu mita za mraba 25, mchoro umeipa dirisha moja la mita 1.8 kwa 1.2, yaani 2.16, na ni la aluminiamu la kusukuma. Dirisha la namna hiyo likifunguliwa, kioo kimoja kinakaa nyuma ya kingine, kwa hiyo hewa inapita kwenye nusu yake tu: mita ya mraba 1.08. Hapo mwanga umepungua na hewa imepungua. Sebule hii iko kwenye kona, kwa hiyo iongezewe dirisha la pili ukuta wa kusini, na lile la magharibi lipunguzwe. Dirisha la bawaba, au la vioo vya lova kama yale ya zamani, hufunguka karibu lote. Lova zimepitwa na fasheni, na ni hasara.

Lakini ukubwa wa dirisha hausemi kitu kama mbele yake pana ukuta. Upande wa kusini jirani yuko mita 2 tu na ukuta wake una kimo cha kama mita 2.8. Mtu aliyekaa mita 2 ndani ya chumba, macho yake yakiwa mita 1.2 juu ya sakafu, akitazama kupitia dirisha linaloishia mita 2.1, anaona utepe wa anga wa sentimita 10 tu. Lenta ikipandishwa hadi mita 2.4, utepe huo unafika sentimita 40, na chumba kinabadilika. Muombe pia jirani ruhusa ya kupaka ukuta wake chokaa nyeupe. Kopo la rangi ni rahisi kuliko taa inayowaka mchana.

Upepo wa Moshi una ratiba. Mchana miteremko ya Kilimanjaro ikishika joto, hewa hupanda kuelekea mlimani, yaani inatoka kusini. Usiku mlima ukipoa, hewa baridi huteremka kutoka kaskazini. Mchoro wetu umebahatika: sebule na jiko viko kusini kwa ajili ya upepo wa mchana, vyumba vingi viko kaskazini kwa ajili ya ule wa usiku. Ila hewa haiingii chumbani kama haina pa kutokea. Mlango wa chumba ukifungwa usiku, dirisha moja la kaskazini halileti kitu. Juu ya kila mlango wa chumba acha uwazi wa sentimita 30 wenye wavu, hewa itoke kwenda koridoni, na juu ya mlango wa nyuma wa korido pia. Sauti zitapita, ni kweli, na kila familia ichague. Mbu ni hoja nzito zaidi: kila uwazi uwe na wavu tangu siku ya kwanza, maana wavu unaosubiri pesa hubaki kusubiri. Katika kijiji cha Magoda, mkoani Tanga, wasanifu walijenga nyumba za mfano zenye kuta zinazopitisha hewa na nyavu, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha kuwa zilikuwa na ubaridi zaidi na mbu wachache kuliko nyumba za kawaida za jirani.

Anayejenga juu zaidi, Kibosho au Marangu, asinakili haya yote. Kila mita 100 za kupanda hupunguza joto kwa nyuzi kama 0.6, na mwezi Julai huko watu wanatafuta jua, hawalikimbii. Huko vyumba vya mashariki vina thamani kubwa, na madirisha ya kaskazini yenye upepo wa usiku yawe madogo. Jambo moja halibadiliki: matundu madogo ya kudumu juu ya kuta yasizibwe. Wakati wa baridi wapo wanaoingiza jiko la mkaa chumbani ili kuota moto. Mkaa hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, na familia zimewahi kufa usingizini. Matundu hayalifanyi jiko hilo kuwa salama. Linapaswa kubaki nje.

Zimebaki nafasi zilizosahaulika, na hizi hazionekani kwa kutazama vyumba vilivyochorwa. Zinaonekana kwa kuandika vitu. Andika kila kitu ambacho familia inacho au itakuwa nacho, kisha ukitafutie mahali kwenye mchoro: gunia la mahindi, mkungu wa ndizi kutoka kihambani, mtungi wa gesi, jiko la mkaa na mkaa wenyewe, ndoo za maji, nguo chafu, pasi na meza yake, baiskeli, masanduku. Kwenye mchoro huu gunia halina pa kukaa. Jiko ni kubwa, mita 4 kwa 3.5, kwa hiyo kona yake ya kando ya korido ikatwe stoo ya mita 1.5 kwa 2, yenye tundu la hewa na sakafu iliyoinuliwa kidogo ili gunia lisinyonye unyevu. Mtungi wa gesi ukae nje ya ukuta wa jiko, kwenye kibanda kidogo chenye matundu chini, kwa sababu gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa na ikivuja hutambaa sakafuni. Uani lipigwe paa la jiko la nje. Makande hayapikwi kwa gesi saa tatu mfululizo, na Desemba, Wachagga wanapomiminika nyumbani kutoka Dar es Salaam na kwingineko, jiko la ndani halitatosha hata kwa chai.

Kisha hesabu vichwa usiku. Baba na mama, mabinti wawili, mvulana, bibi: vyumba vinavyohitajika ni vinne, na mchoro una vitatu. Wengi hapa huongeza chumba cha nne uani, na mara nyingi mvulana ndiye anayehamishiwa huko. Kwa nyumba hii kuna njia nyingine. Mahali pa kulia pana mita 4 kwa 3.5, panatumika kwa saa moja kwa siku, na familia nyingi zenye meza ya kulia bado hula sebuleni mbele ya televisheni. Meza ihamie sebuleni, ambako pana nafasi. Mahali pale pafungwe ukuta, mlango utazame koridoni, pawe chumba cha mabinti, na jiko nalo lipate mlango wake wa koridoni. Kwa hatua hiyo hata lile tatizo la choo kutazamana na chakula limeondoka.

Bibi apewe chumba cha katikati upande wa kaskazini, ambacho sasa kinapakana na choo cha familia. Mlango wa choo hicho uwe wa sentimita 80, si 65 kama mafundi wanavyozoea, na pasiwekwe ngazi kati ya korido na choo. Maji yazuiwe kwa mteremko wa sakafu kuelekea bafuni. Mzee anayetembea na mkongojo hujikwaa kwenye kizingiti cha sentimita 5 kwa urahisi zaidi kuliko kwenye ngazi inayoonekana.

Mchoro uliosahihishwa haujawa ramani ya kujengea. Upelekwe kwa msanifu aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi, achore ramani kamili yenye mikato, paa na mfumo wa majitaka, na ofisi ya mipango miji ya Manispaa ya Moshi iulizwe mapema umbali unaotakiwa kati ya jengo na mipaka ya kiwanja. Mita 2 za upande wa kusini na sentimita 20 zilizoongezwa kwenye korido zithibitishwe hapo kwanza. Ramani ikishaombewa kibali cha ujenzi, kuhamisha choo au kuongeza chumba kunamaanisha kuirudisha ikaidhinishwe tena.